Beking soda, dawa ya meno, manjano na asali usoni: kipi kinaunguza na kipi hakina shida

"Daktari shikamoo. Nina miaka 23, niko Morogoro, chunusi zangu ziko kidevuni na mashavuni. Wiki tatu sasa nasugua uso na beking soda na ndimu, mara tatu kwa wiki, naiacha dakika 15, afu usiku kila chunusi naiwekea dawa ya meno. Mwanzo zilikauka kabisa ila sasa hivi hata maji yanachoma, uso unang'aa na unabanduka, na pale nilipoweka dawa ya meno pamebaki mabaka meusi ya duara. Shangazi yangu wa Tanga anasema nipake manjano na asali, rafiki yangu kanipa krimu ya tyubu. Miezi mitatu ijayo dada yangu anaolewa. Nifanye nini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa leo usipake chochote kati ya hivyo ulivyotaja, hata hiyo manjano ya shangazi isubiri, na ile krimu ya tyubu iweke pembeni kabisa mpaka umalize kusoma hapa. Ulichonacho usoni ni ngozi iliyoungua, na kuungua kwa namna hii kunapona ukikuacha kupone. Tatizo ninaloliona kila siku ni kwamba mtu akishaungua anatafuta kitu kingine cha kupaka juu yake, nacho kinaunguza, anatafuta kingine, mwisho chunusi tatu zimekuwa uso mzima.

Nikueleze kilichotokea ili ukielewe, maana ukikielewa utaweza kujua mwenyewe hata vile vitu ambavyo hujaniuliza.

Juu kabisa ya ngozi kuna tabaka jembamba la seli zilizokwisha kufa, zimepangana zimebanana, na katikati yake kuna mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza. Hilo tabaka ndo linazuia maji ya ndani yasitoke na vitu vya nje visiingie. Na kwa asili lina asidi kidogo, ukipima pH, kipimo ambacho namba ikiwa ndogo asidi ndo kali zaidi, unakuta kwenye 5 hivi, kwa wengine 4.5 kwa wengine 5.5. Hiyo asidi haipo kwa bahati mbaya. Kuna vimeng'enya vinavyotengeneza yale mafuta ya katikati, hivyo vinafanya kazi vizuri panapokuwa na asidi, na kuna vimeng'enya vingine vinavyokata vishikizo vya seli ili zidondoke, hivyo asidi inavituliza, ikipungua vinachangamka. Kwa hiyo ukiiondoa asidi unapata hasara mbili kwa mpigo, mafuta ya kuziba yanapungua na seli zinaachiana kabla ya wakati wake.

Sasa beking soda ukiikoroga na maji inakuwa na pH ya 8 na kidogo. Ukisikia 5 na 8 unaona tofauti ndogo, lakini kwenye kipimo cha pH kila namba moja ni mara 10, kwa hiyo kutoka 5 mpaka 8 ni asidi kupungua mara 1,000. Unajua mtu akitaka maharage au makande yaive haraka anavyotia magadi kidogo, yale maganda yanalainika mpaka yanavuka yenyewe? Alkali, yaani kitu kilicho kinyume cha asidi kama magadi na beking soda, ikikaa kwenye uso wako dakika 15 inafanya kazi ya kulainisha na kuachanisha ya namna hiyo, na wewe juu yake unasugua na chembechembe, yaani unavua ganda ambalo lilikuwa halijafika muda wa kuvuka. Na kwa kuwa nimetaja magadi, wapo wanaosoma "soda" kwenye maelekezo ya mtandaoni wakaenda kuchukua magadi ya jikoni wakidhani ni kitu kimoja. Magadi ni makali zaidi, pH yake inafika kwenye 10, hayo yakikaa usoni yanaunguza hasa, na yakiingia jichoni ni dharura.

Utaniuliza mbona mwanzo zilikauka. Ni kweli zilikauka, sikatai. Beking soda inaondoa mafuta ya juu, ile chunusi iliyokuwa inang'aa kwa usaha inapoteza unyevu, inasinyaa, na uso unahisi msafi mpaka unasikia unabana. Kule kubana ndo kitu watu wanachokipenda, wanasema ngozi imekaza. Kwa kweli ni maji yanatoka, kizuizi kimelegea. Ngozi yenye afya ikichokozwa hivyo mara moja inajirudisha asidi yake ndani ya saa kadhaa, huoni kitu. Ukirudia kesho kutwa, ukarudia tena, inafika mahali haijamaliza kujirudisha umeshaipiga tena, na hapo ndipo wiki ya pili ya tatu maji ya kawaida yanaanza kuchoma. Ndio maana pia kile kipimo cha "nilijaribu mkononi haikunidhuru" hakifai kwa beking soda, kwa sababu madhara yake yanajumlishana, hayaji siku ya kwanza. Na vijidudu vinavyohusika na chunusi navyo vinastawi zaidi asidi ya ngozi ikishuka, kwa hiyo usishangae kuona chunusi mpya zimetoka sehemu ambazo hazikuwepo.

Kuhusu ndimu, ile povu inayotoka ukichanganya watu wanaiamini sana, wanasema inavuta uchafu kwenye vitundu. Ile ni hewa ya ukaa tu inatoka kwa sababu asidi na alkali vimekutana, vinamalizana hapo hapo kwenye bakuli, hakuna kinachovutwa. Na kwa kuwa hakuna mtu anayepima, kinachobaki ama beking soda imezidi ama ndimu imezidi. Ndimu yenyewe pH yake iko kwenye 2, inachoma kwa upande wa pili. Afu ina kitu kingine kibaya zaidi, maji na mafuta ya ganda la ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua zikiwa juu ya ngozi zinaunguza, siku moja au mbili baadaye unaona wekundu au malengelenge, halafu pananyauka pakibaki peusi kwa miezi. Mtu anapaka asubuhi, ananawa juu juu, anatoka anasubiri daladala juani. Ndimu usoni hapana, iwe na beking soda, iwe na asali, iwe na sukari.

Dawa ya meno. Hii nayo ina historia yake, zamani baadhi ya dawa za meno zilikuwa na triklosani ambayo inaua bakteria, na watu wakaona kwamba ikiua bakteria wa kinywani itaua na wa chunusi. Siku hizi kampuni kubwa nyingi zimeitoa. Lakini hata ingekuwepo, angalia vingine vilivyomo: kuna unga wa kusugulia meno, mara nyingi chokaa laini au silika, kuna sabuni ya kutoa povu inaitwa sodiamu lauril salfeti, kuna mafuta ya minti, mara nyingine mdalasini, na zile za kung'arisha meno zinaweza kuwa na peroksaidi au hiyo hiyo beking soda. Nataka uikumbuke ile sabuni ya povu, kwa sababu watafiti wa ngozi wanapotaka kuichokoza ngozi ya mtu kwa makusudi ili wapime inavyopona, kitu wanachotumia kila siku ni sodiamu lauril salfeti, wanaiweka chini ya plasta wanaiacha mpaka kesho yake. Wewe umekuwa unafanya jaribio hilo hilo kila usiku kwenye kila chunusi. Kinywani dawa ya meno inakaa dakika mbili na mate yapo na unasukutua, ndo ilivyokusudiwa. Usoni inakaa saa nane, inakauka, inazidi kuwa nzito.

Na ule ubaridi unaouhisi ukipaka usikudanganye. Minti inagusa vile vipokezi vya neva vinavyotambua baridi, ubongo unapata taarifa ya ubaridi, lakini joto la pale halijashuka na uvimbe haujashuka. Watu wengine pia wakizoea kupaka kuzunguka mdomo wanapata vipele vidogo vidogo vingi kuzunguka midomo na pembeni mwa pua, vinawasha na kuchoma, wanadhani chunusi zimeongezeka wanazidisha dawa ya meno. Ule ni ugonjwa mwingine wa ngozi, na kupaka kunauongeza.

Sasa haya mabaka ya duara yanayokutisha. Ngozi yetu nyeusi ina chembe za kutengeneza rangi ambazo ziko tayari kufanya kazi muda wote, na kila mahali pakiwaka moto, iwe ni chunusi, iwe ni kuungua, iwe ni kuminya, zinamwaga rangi. Chunusi peke yake ingekuachia doa dogo la ukubwa wake. Ukiangalia vizuri baka lako utaona ni kubwa kuliko chunusi ilivyokuwa, lina umbo la tone la dawa ya meno ulilopaka, na mpaka wake umekatika. Hivyo ndivyo unavyojua kwamba weusi huo umetoka kwenye dawa. Rangi ikiwa juu juu inakuwa ya kahawia na huwa inaondoka yenyewe ndani ya miezi kadhaa mpaka mwaka, ikishuka chini inakuwa kama kijivu kijivu na hiyo inakaa muda mrefu sana. Kitu kingine, kwetu moto wa ngozi hauonekani mwekundu kama kwenye picha za wazungu, unaonekana zambarau, kahawia iliyokolea, au uso unang'aa kama umepakwa plastiki. Wasichana wengi wananiambia "sikujua naungua kwa sababu sikuwa mwekundu". Fuata hisia, kuchoma kunatosha kuwa dalili.

Tuje kwa shangazi. Shangazi hajakosea sana, na ningependa umheshimu kwa hilo. Manjano ina kemikali inaitwa kukumini ambayo maabara imeonyesha kweli inatuliza uvimbe, na haina ukali wa beking soda, haiunguzi ngozi isiyo na jeraha. Kwenye mwambao imepakwa miaka na miaka, kwenye dalia na kwenye singo la bibi harusi pamoja na liwa na maua na karafuu. Ila kuna mambo matatu. Kwanza, kwenye unga wa manjano kukumini ni asilimia chache tu, haiyeyuki vizuri kwenye maji, na haipenyi kwa urahisi, kwa hiyo ukikoroga na maji au maziwa ukapaka, kinachofika kwenye chunusi ni kidogo mno. Ule mng'ao wa siku ya pili ni rangi ya njano imebaki juu inaficha madoa kidogo. Haichubui, haifuti doa. (Ukibaki wa njano kupita kiasi futa na mafuta ya kula kwenye pamba, kukumini inayeyuka kwenye mafuta, na kilichobaki mwanga wa jua unakififisha wenyewe.)

Pili, wapo wachache wenye mzio nayo. Mzio unautofautisha na kuungua hivi: kuungua kunachoma palepale na kunakaa pale ulipopaka tu, mzio unawasha zaidi ya kuchoma, unakuja siku moja mpaka tatu baadaye, na unatambaa nje ya ulipopaka, kope zinavimba. Kwa hiyo manjano ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, paka jioni tatu mfululizo subiri siku nyingine moja au mbili, kipimo hiki kwa mzio kinafaa. Tatu, unga wa dukani unaweza kuwa umeongezwa rangi, Bangladeshi kwa mfano watafiti walitoa taarifa mwaka 2019 kwamba wasindikaji walikuwa wanatia kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili manjano ionekane njano zaidi. Risasi haipiti sana kwenye ngozi ila mkono unaenda mdomoni, na bakuli ni la jikoni. Bora ununue vizizi vyenyewe usage nyumbani.

Kuhusu singo lenyewe, kwa mwili wa bibi harusi na wasindikizaji wake sina neno. Kwa uso wenye chunusi zilizovimba au ngozi inayobanduka, hapana, kwa sababu singo linasuguliwa, na kusugua kunapasua chunusi kwa ndani, usaha unamwagikia pembeni chini ya ngozi badala ya kutoka. Mwambie shangazi akupake mikono na miguu, uso auache.

Asali ndo kitu kipole kuliko vyote ulivyouliza. Ina asidi, pH yake karibu 4, kwa hiyo haigombani na ngozi, ina sukari nyingi inayonyonya maji mpaka bakteria wanashindwa kuishi ndani yake, na ikipata maji kidogo inatoa peroksaidi ya haidrojeni polepole kwa kiasi kidogo. Ndio maana hospitali nyingine zinaitumia kwenye vidonda, ila ya hospitali imesafishwa kwa mionzi kuua mbegu za vijidudu, ya kwenye chupa ya jikoni haijasafishwa. Kwa hiyo asali ya nyumbani ni ya ngozi nzima, usiiweke juu ya sehemu iliyochubuka.

Inaponya chunusi? Hapo lazima nikwambie ukweli hata kama asali naipenda. Nyuzilandi walifanya utafiti, ulichapishwa 2016, wakachukua watu wenye chunusi, kundi moja wakanawa na sabuni ya kuua bakteria na kupaka asali ya mti wa kanuka, kundi la pili sabuni peke yake, wiki 12. Walipolinganisha hawakupata ushahidi kwamba asali imeongeza kitu juu ya sabuni. Kwa hiyo ichukue kama maski ya kulainisha, inashika maji kwenye ngozi, uso unakuwa mororo, basi. Dakika 15 mpaka 20, unaosha na maji ya uvuguvugu bila kusugua. Ile ya nyuki wadogo ni nyepesi na chachu zaidi, inaweza kukuchonyota kidogo kama ngozi imekauka. Iliyochakachuliwa na sukari guru haitakuunguza ila unapaka sharubati. Kama unajua una mzio na nta au gundi ya nyuki usiiguse. Na mama mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja asikae na asali usoni huku amembeba, mtoto analamba, na asali kwa umri huo inaweza kumpa sumu inayolegeza misuli.

Nimegundua pia kwamba wanaokuja wakisema asali imewaunguza, nikiwauliza ilichanganywa na nini, nasikia mdalasini, ndimu, au beking soda. Mdalasini ni mkali kweli kweli na unaleta mzio. Kwa hiyo ukisikia "maski ya asali", uliza kilichobaki ndani ya bakuli.

Sasa kwa nini vyote hivi, vikali na vipole, havimalizi chunusi? Kwa sababu chunusi haianzii pale unapoiona. Inaanzia ndani ya kishimo cha kinyweleo, seli za ndani zinashindwa kutoka zinagandana na mafuta, zinaziba, bakteria wanazaliana huko nyuma ya kizibo, mwili unatuma ulinzi, ndo panavimba. Kizibo chenyewe kinaweza kuwa kimeanza wiki kadhaa kabla hujaona kitu kwenye kioo. Kwa hiyo unapoweka kitu juu ya chunusi iliyotoka leo umechelewa tayari, na zile zitakazotoka mwezi ujao ziko chini pembeni yake, hazijaguswa. Dawa ya chunusi inayofanya kazi ni ile inayopenya kwenye kishimo, na inapakwa eneo lote linalotoa chunusi, hata pale palipo safi.

Hiyo krimu ya tyubu uliyopewa, soma jina. Kama kuna betamethasoni au klobetasoli, au ni zile za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi na ya bakteria pamoja na betamethasoni, usipake. Ingekupa raha ndani ya siku mbili, kuchoma kungekwisha, ungesema nimepata mkombozi. Ukiiacha unawaka upya, ukiendelea ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na zinatoka chunusi nyingi za aina moja, ndogo ndogo, ambazo ni za hiyo krimu. Kutoa mtu huko kunachukua miezi, kazi ngumu kuliko ya kwako sasa hivi.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki mbili za kwanza usitibu chunusi kabisa, najua inauma kusikia hivyo. Asubuhi nawa na maji tu, jioni maji na sabuni laini isiyo na harufu, usitumie sabuni ya mche, ile ni alkali tena umerudi kule kule. Kausha kwa kugusisha taulo. Uso ukiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu wala rangi, kidogo sana, yawe utando mwembamba. Watu wanaogopa kwamba yataziba vitundu, lakini mafuta ya mgando yaliyosafishwa yenyewe hayaleti chunusi, zinazoleta shida ni zile krimu nzito zenye manukato na mafuta ya nazi. Mchana vaa kofia pana au mtandio, na ukiweza pata mafuta ya kujikinga na jua ya SPF 30 kwenda juu, hasa yale yenye rangi ya kahawia, kwa sababu mabaka yanakolezwa hata na mwanga unaoonekana na zile zisizo na rangi hazizuii mwanga huo vizuri. Ikiwa mafuta hayo nayo yanachoma wiki ya kwanza, tumia kofia tu. Maganda yanayobanduka usiyavute.

Utajua umepona maji yakigusa uso usisikie kitu, na ule mng'ao wa plastiki ukaisha. Kama siku 14 zimefika na bado yanachoma ongeza wiki nyingine.

Baada ya hapo anza benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, inapatikana famasi. Usikimbilie ya 10, imeonekana 2.5 inafanya kazi karibu sawa na kero ni kidogo. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha kidevu na mashavu yote, usiku mmoja unapaka mmoja unaruka, juu yake mafuta yako. Ukikosa 2.5 ukapata 5, paka ikae dakika tano mpaka kumi uoshe, kwa ngozi iliyotoka kuungua ndo njia nzuri. Inafua rangi ya taulo na foronya, tumia nyeupe. Na usiichanganye na ndimu wala skrabu yoyote. Wiki ya nne bado utaona chunusi mpya, ndo zile zilizokuwa zimeshaanza huko chini, usiiache. Badiliko la kuonekana linakuja wiki ya sita mpaka ya nane, la kuridhisha ya 12. Ukihesabu miezi mitatu, ukitoa hizi wiki mbili za kupumzisha, siku ya harusi utakuwa na chunusi chache na ngozi iliyotulia, mabaka yatakuwa yamepungua lakini mengine bado yapo, na hayo fundi wa kupamba atayafunika vizuri kwa sababu ngozi haibanduki. Kuhusu mabaka, ukishazoea benzoili, omba ushauri wa asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, inasaidia chunusi na weusi kwa pamoja, na hata mjamzito anaweza kupewa. Wiki ya harusi usijaribu kitu kipya chochote, hata kama ni cha gharama.

Usisubiri wiki mbili bali nenda hospitali mapema kama yametoka malengelenge, kope au midomo imevimba, panatoa maji na ganda la njano kama asali, una homa, au kitu chochote kati ya hivi kiliingia jichoni (hapo unaosha kwanza kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, ndo unaondoka, na usijaribu "kuua" beking soda kwa ndimu wala siki). Nenda pia hata bila haraka kama chunusi zako ni zile kubwa zinazouma ndani hazitoi kichwa, kama zinaacha vishimo, au kama zimeganda kwenye taya na kidevu huku hedhi yako inaruka miezi au nywele zinaota kidevuni, kwa sababu hizo ni homoni na dawa yake si ya kupaka peke yake. Hapo Morogoro anzia hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kliniki ya ngozi, wakiona inahitajika watakupa rufaa kwenda Muhimbili. Ukienda chukua hiyo tyubu na hiyo dawa ya meno, na usipake poda wala kitu chochote asubuhi hiyo, tunataka kuiona ngozi ilivyo. Na ikiwa una ujauzito au unautarajia, mwambie daktari kabla hajaandika dawa, maana kuna vidonge na krimu za chunusi ambazo mjamzito hapewi.